"Barua mpya umefika": jedwali la ngeli lilivyomponza mwanafunzi wangu

Mwanafunzi wangu mmoja, nesi mgeni anayejifunza Kiswahili jioni akitoka zamu, aliniandikia: "Mwalimu, barua mpya umefika." Nikamrekebisha kwa neno moja, imefika, nikaendelea na shughuli zangu. Jioni akaja na jedwali lake la ngeli, lile lenye safu tisa alilokuwa amelibandika jikoni juu ya sinki, akalikunjua mezani.

"Hapa wameandika kwamba m- ni ya mtu na ya mti," akasema. "Barua si mtu. Lakini wewe mwenyewe umenifundisha kusema barua mpya, na hiyo m- naiona. Kwa hiyo barua iko pamoja na mti, na mti huchukua u-. Nimekosea wapi, mwalimu?"

Nilikaa kimya kidogo. Hoja yake ilikuwa imenyooka kuliko majibu mengi ninayoyasikia kwa walimu wenzangu. Alisoma jedwali kama lilivyoandikwa, akafuata mstari, akafika pasipofikika.

Tangu siku hiyo nina ugomvi na majedwali haya. Si kwamba yamesema uongo. Yamejaza mno, na katika kujaza huko yamekificha kitu kimoja ambacho mwanafunzi anakihitaji kuliko vyote: kwamba kila ngeli ina viambishi vya aina mbili, na kila aina ina watu wake. Aina ya kwanza hukaa kwenye jina lenyewe, kwenye sifa na kwenye hesabu: kiti kirefu, viti virefu, viti viwili. Aina ya pili hukaa kwenye kitenzi, na kutoka hapo huzaa vingine karibu vyote. Kwenye KI-VI aina hizo mbili zinafanana kabisa, kiti kirefu kimevunjika, na kwa bahati mbaya hiyo ndiyo ngeli tunayopenda kuanza nayo darasani. Mwanafunzi anatoka hapo akiamini kwamba kiambishi ni kimoja tu, kinarukaruka kutoka neno hadi neno. Akifika kwenye barua, anaanguka.

Mimi ningelifupisha jedwali lote liwe hivi:

| Umoja / wingi | Jina, sifa na hesabu | Kitenzi |
|---|---|---|
| mtu / watu | m- / wa- | a- / wa- |
| mti / miti | m- / mi- | u- / i- |
| shati / mashati | (tupu) / ma- | li- / ya- |
| kiti / viti | ki- / vi- | ki- / vi- |
| kalamu / kalamu | n- / n- | i- / zi- |
| ufunguo / funguo | u- (sifa m-) / n- | u- / zi- |

Ziko ngeli nyingine, za maji, za kucheza, za mahali, lakini aliyeshika hizi sita hatapotea sokoni.

Atauliza mtu: na safu za "huyu, hiki, hili", za "wangu, changu, langu", za "ambacho, ambalo" zimekwenda wapi? Hazina haja ya kuwa safu. Zinatoka kwenye kiambishi cha kitenzi. Chukua li-. Weka -le baada yake, unapata lile. Tanguliza h na irabu yake, unapata hili. Unganisha na -angu, i inamezwa, unapata langu. Unganisha na -ote, lote. Na -enye, lenye. Na o ya rejeshi, lo, kwa hiyo shati ambalo, shati nililonunua. Sasa fanya hivyo hivyo kwa ki-, ambayo mbele ya irabu huwa ch: kile, hiki, changu, chote, chenye, ambacho. Kwa zi-: zile, hizi, zangu, zote, zenye, ambazo. Anayejua i- ya kalamu, na kwamba mbele ya irabu huwa y, anajua ile, hii, yangu, yote, yenye na ambayo bila kukariri. Mkorofi ni mmoja tu, umoja wa mtu, ambaye ana huyu, yule, wangu na ambaye, na kitenzi chake ni a-. Huyo akaririwe peke yake. Mgeni huanza kumtumia siku ya kwanza anaposalimia, kwa hiyo hakuna hasara.

Turudi kwenye barua. Barua iko mstari mmoja na kalamu, kwa hiyo kiambishi cha sifa yake ni n-. Hapa ndipo majedwali mengi yanapoandika "N" na kuondoka zao, wakati kazi ndiyo kwanza inaanza. Hiyo n- haikai kimya, hubadilika kulingana na inachokutana nacho. Mbele ya d, g na z inabaki kama ilivyo: barua ndogo, ngumu, nzuri. Mbele ya b inageuka m: mbaya, mbovu, mbichi. Ikikutana na -refu, r inageuka d: ndefu. Ikikutana na -wili, inatoka mbili, na ndiyo maana tunahesabu moja, mbili na si moja, wili. Mbele ya irabu huwa ny: nyeupe, nyingi, ingawa -ema imekataa ikawa njema. Mbele ya k, p, t, f, s na ch inapotea kabisa: barua kubwa, fupi, safi, chafu.

Kama inapotea mbele ya p, mpya imetoka wapi? Shina -pya lina silabi moja tu, na neno la Kiswahili la namna hii halipendi kubaki na silabi moja, maana mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. N- ingepotea, mkazo ungekosa pa kukaa. Kwa hiyo inabaki, na kwa kuwa imekaa mbele ya p inatamkwa m. Sikiliza unavyosema mpya: uzito wote uko kwenye hiyo m. Ndiyo sababu pia nchi haikuwa chi.

Kwa hiyo m- aliyoiona mwanafunzi wangu ni n- iliyovaa nguo ya jirani. Mtu mpya, mti mpya, ufunguo mpya, barua mpya: maneno manne, ngeli nne, sifa moja isiyobadilika hata herufi. Mbaya nayo ni vile vile. Ukitaka kuzitambua usitazame sifa, tazama kitenzi. Mtu mpya amefika, mti mpya umefika, barua mpya imefika. Ufunguo na mti bado wanafanana, umefika na umefika, mpaka uulize wingi: miti mipya imefika, funguo mpya zimefika.

Na kinyume chake kipo. Miti imeanguka, kalamu imeanguka. Miti hii yangu, kalamu hii yangu. Hapa kitenzi na jamaa zake wote hawasaidii, maana i- ni ile ile, moja ya wingi na nyingine ya umoja. Sasa sifa ndiyo inayoamua: miti mirefu, kalamu ndefu. Safu mbili za jedwali langu zinashikana mikono namna hiyo. Pale moja inapopofuka nyingine inaona. Ukiandika moja peke yake, kama wafanyavyo wanaoandika M-WA, M-MI, KI-VI na kuishia hapo, umempa mwanafunzi jicho moja. Na wanaoziita A-WA, U-I, LI-YA, kama shule nyingi za Kenya na Tanzania, wamempa lile jicho jingine. Nikilazimishwa kuchagua nitachukua hili la pili, kwa sababu jina la ngeli linakuwa lenyewe ndilo jibu la kitenzi. Zile namba za wanaisimu, 1 mpaka 18, zilizoanza na Wilhelm Bleek na kupangwa upya na Carl Meinhof, zinamfaa anayelinganisha mtu wetu na umuntu wa Wazulu. Nesi anayetaka kumwambia mgonjwa dawa imeisha hazimsaidii.

Kuna faida moja nyingine ya kuielewa n-, na hii hunifurahisha kila mara darasani. Sheria ile ile iliyogeuza -refu kuwa ndefu ndiyo iliyogeuza ulimi kuwa ndimi. Iliyogeuza -baya kuwa mbaya ndiyo iliyogeuza ubao kuwa mbao. Iliyopoteza n- kwenye kubwa ndiyo iliyoipoteza kwenye kuta na funguo. Wingi wa U-ZI, ambao vitabu vingi huuita wa ovyo na kuutaka ukaririwe, una kanuni. Mwanafunzi aliyeshika kanuni hizo za n- anaweza kubahatisha wingi wa ubavu kabla hujamwambia.

Kitu ambacho jedwali lolote, langu likiwemo, haliwezi kukifanya ni kukuambia shati ni la ngeli gani. Shati halina kiambishi, kalamu haina kiambishi. Ukitazama tu, huoni kwa nini moja ni langu na nyingine yangu. Dawa yake iko kwenye daftari: usiandike neno likiwa pekee. Andika "shati langu, mashati yangu, kalamu yangu, kalamu zangu". Kamusi ya Kiswahili Sanifu nayo hufanya kazi hiyo, kwa [li-/ya-] au [i-/zi-] kando ya neno, na mgeni akifundishwa kusoma hayo mabano ana nusu ya jedwali mfukoni. Asishtuke tu akisikia gari yangu mtaani. Gari langu ndiyo sanifu, lakini wengi wetu tumeshalihamisha gari kwenye mstari wa kalamu, wala dereva hatasimama kukusahihisha.

Watu na wanyama nao wanapita juu ya mistari yote. Kiboko ana ki-, lakini kiboko mkubwa amelala, na kijana mrefu amefika. Ukisema kijana kirefu kimefika, kijana mwenyewe atakutazama mara mbili, maana kwetu kumpa mtu ki- kwenye kitenzi ni kumdogosha, iwe kwa mapenzi kama kitoto kinacholia au kwa dharau. Hili ningeliandika kwa wino mwekundu chini ya jedwali.

Nilimchorea mwanafunzi wangu jedwali jipya kwenye karatasi ya daftari. Baada ya siku tatu akaniandikia: "Mwalimu, barua mpya imefika, ndefu, imetoka kwa mama wangu." Nikamwambia mama yangu. Akajibu papo hapo kwamba mama ni mtu, na jedwali langu linasema wangu. Ni kweli. Mama, baba, dada, kaka, ndugu na rafiki hufuata mtu kwenye kitenzi na kwenye sifa, mama mzuri amefika, lakini kwenye umilikaji huruka wakajiunga na kalamu: mama yangu, ndugu zangu. Ila mjomba, mwenye m- yake, amebaki wangu. Ameongeza mstari kwa penseli pembeni ya karatasi, na sasa anaulizia adui.