Msimbo wa kuingilia kwa simu ya sauti: unamfaa nani, unamhatarisha nani

Mtu anayehamishia WhatsApp kwenye simu mpya akiwa Maskati, na laini yake bado ni ya Tanzania, anaweza kukwama mahali pamoja tu. Ameandika +255 na namba yake vizuri, lakini meseji yenye tarakimu 6 haiji. Laini inashika mtandao wa Omani, na akipigiwa anapokea. Tatizo ni kwamba meseji za namna hii mara nyingi hupita kwa wasafirishaji kadhaa kabla ya kufika, na mmoja wao akizizuia mteja haambiwi. Akisubiri muda unaohesabiwa kwenye kioo uishe, anaruhusiwa kuomba apigiwe. Simu inaita, sauti ya mashine inasoma tarakimu moja moja, naye anaziandika.

Programu nyingi huiweka simu nyuma ya meseji kwa sababu ya gharama. Isitoshe, wapo matapeli wanaozifanya huduma zipige namba za nje zenye bei kubwa ili wagawane mapato. Ndiyo maana kila ukiomba tena, muda wa kusubiri huweza kurefushwa, na anayebonyeza kwa pupa hujichelewesha mwenyewe. Aliye ugenini akumbuke pia kwamba kupokea simu huko kunaweza kumkata salio.

Kwa watu kama huyu, njia ya simu ni ya lazima. Humfaa pia asiyeona, na ni ya lazima kwa duka linalosajili namba ya simu ya mezani kwenye WhatsApp Business, kwa kuwa simu ya mezani kwa kawaida haipokei meseji. Sikubaliani na wanaotaka iondolewe kabisa.

Lakini hoja yao ina uzito. Anayebonyeza kitufe cha kuomba simu ni yule aliyeandika namba, na si lazima awe mwenye namba. Tapeli anaweza kuiandika namba yako usiku wa manane, akaiacha meseji ipite, kisha akaomba simu wakati umelala au umezima. Kama laini yako ina kisanduku cha ujumbe wa sauti, mashine itakisomea kisanduku msimbo wako. Tapeli atakipigia kwa namba nyingine na kujaribu namba za siri ambazo wengi hawazibadilishi, kama 0000 au 1234. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa mtandao ya Israeli ilitoa onyo kuhusu WhatsApp kutekwa kwa njia hiyohiyo. Mwaka huohuo mtafiti Martin Vigo alionyesha kwenye mkutano wa DEF CON kwamba hata huduma zinazomtaka mpokeaji abonyeze kitufe kwanza zinaweza kuhadaiwa: unarekodi mlio wa kitufe hicho uwe salamu ya kisanduku. Hatari hii inawahusu zaidi ndugu zetu walioko Ulaya na Amerika, ambako visanduku hivyo ni vya kawaida kwenye laini.

Kwa aliyeko Dar es Salaam au Nairobi, mimi naogopa zaidi kuhamishwa kwa simu. Mtu anajifanya wa huduma kwa wateja, anakuomba ubonyeze `**21*`, namba fulani, kisha `#`. Kuanzia hapo simu zako zinaenda kwake, pamoja na ile ya msimbo. Meseji hazihamishwi kwa amri hiyo, na hapo meseji ina nafuu ya wazi. Dalili yake ni kwamba watu wanalalamika hupatikani, au anapokea mtu mwingine, ilhali simu yako iko mkononi na mtandao upo. Amri ya kwanza hapa inaangalia kama simu zako zote zinahamishwa, ya pili inafuta uhamishaji wa kila aina:

```
*#21#
##002#
```

Upande wa pili, meseji huonekana hata kwenye kioo kilichofungwa, na programu chafu uliyoiruhusu kusoma meseji itauchukua msimbo bila wewe kujua. Programu hiyo haiwezi kirahisi kusikiliza simu. Laini ikisajiliwa upya kwa jina la mwizi, njia zote mbili zimekwisha.

Kwa hiyo ningependa huduma ziendelee kutoa simu, ila zisikisomee kisanduku msimbo: mpokeaji abonyeze tarakimu inayobadilika kila mara, iliyotajwa na sauti papo hapo, ambayo salamu iliyorekodiwa haiwezi kuijua mapema. Kabla hawajafanya hivyo, mtumiaji wa WhatsApp aweke PIN ya tarakimu 6 kwenye uthibitishaji wa hatua mbili, pamoja na barua pepe ya kuirejesha. Aliyenasa msimbo kwa simu ataombwa PIN hiyo, na asipoijua hafungui akaunti papo hapo. Barua pepe ni ya kukulinda wewe mwenyewe, kwa sababu aliyesahau PIN bila kuwa nayo huenda akalazimika kusubiri siku 7.