Mama wa usafi hakuharibu data yenu

Jumatatu nimeona mama wa usafi akifokewa mbele ya ofisi nzima eti ameharibu kompyuta ya hesabu, na tangu hiyo siku nimekasirika. Kosa lake ni kuzima soketi Ijumaa jioni, kama vile karatasi iliyobandikwa mlangoni inavyomwambia: zima soketi zote kabla ya kufunga.

Hiyo kompyuta inavuta mauzo ya maduka yetu mawili, la Ngara na la Industrial Area, kila siku saa nane usiku. Mimi ndio niliipanga kwa Task Scheduler ya Windows, nikaweka tiki kwa "Wake the computer to run this task" nikaona nimemaliza. Hiyo tiki inafanya kazi kompyuta ikiwa imelala, kwa sababu ikilala bado inakula stima kidogo na saa yake inaweza kuiamsha. Soketi ikizimwa hakuna kitu cha kuamsha. Hata ukizima tu vizuri kwa Shut down, hiyo tiki haitaiwasha.

Lakini hapo ndio watu wanasimama, na shida kubwa iko mbele. Nilikuwa pia nimeweka tiki kwa "Run task as soon as possible after a scheduled start is missed", na hiyo ilifanya kazi yake: Jumatatu kompyuta ikawashwa saa mbili na dakika tano, dakika kumi hivi baadaye kazi ikajiendesha. Ikaandika 0x0, yaani imefaulu. Kila mtu akaona iko sawa. Kumbe skripti yangu ilikuwa inasema "leta mauzo ya jana", na jana ilikuwa Jumapili, maduka yamefungwa, kwa hivyo ikaleta sufuri na ikafaulu kuleta sufuri. Usiku tatu zilipita bila kuvuta, lakini kompyuta ikiwashwa inalipia deni mara moja tu, si mara tatu. Mauzo ya Ijumaa na Jumamosi hayakuja kabisa, na kazi yenyewe haikuandika kosa lolote, kwa sababu kazi ambayo haikuanza haiwezi kulalamika. Saa nne asubuhi mwenzetu akamwahidi mteja magunia 140 ya simiti kwa sababu skrini ya stoo inasema yako, kumbe yalibaki 25, fundi ameshafika na lori.

Sasa niambieni mama anaingia wapi hapo. Hata stima ingepotea mtaa mzima wikendi yote, ingekuwa hivyo hivyo.

Kujua kama imewapata, usiangalie matokeo, angalia saa kwa PowerShell, ukiweka jina la kazi yako:

```
Get-ScheduledTaskInfo -TaskName "VutaMauzo"
```

LastRunTime ikisoma saa mbili na robo asubuhi na wewe ulipanga saa nane usiku, basi usiku mashine haikuwa macho. Ukifungua Event Viewer upande wa System ukute Kernel-Power 41, ujue ilizimika bila kuzimwa vizuri, kwa mfano kwa kukatiwa stima. Kwetu ilikuwepo, maana watu walienda nyumbani wakaiacha imelala.

Dawa niliyoweka: skripti haiulizi tena jana ni lini. Inasoma faili dogo lenye tarehe ya mwisho iliyofaulu, inavuta kila kitu kuanzia hapo, na inaandika tarehe mpya baada ya data yote kuingia, si kabla. Risiti inatambuliwa kwa namba yake na duka lake, hivyo ikivutwa mara mbili haihesabiwi mara mbili. Halafu nimehamisha saa yenyewe hadi saa saba mchana, wakati mashine imewashwa kwa uhakika, na ikivuta inaleta hadi risiti ya dakika hiyo. Na juu ya skrini ya stoo sasa kunaandikwa mauzo yamefika hadi lini, ndio yule anayeahidi mteja aone mwenyewe kama namba ni za Alhamisi.

Kuna walioniambia tuiache tu kompyuta ikiwaka usiku kucha. Sawa, ingesaidia, sikatai, lakini stima inakatika na ikirudi inarudi kwa nguvu, nimeshaona pawa saplai mbili zikiungua hivyo, na bili analipa nani? Kuzima soketi ni tabia nzuri na mimi sitaki mama aiache.

Makosa yalikuwa kwa skripti, na skripti niliandika mimi. Hilo nimemwambia bosi. Lakini mama bado hajaombwa msamaha, na huwa anaingia saa kumi na moja jioni kila siku.