Mkimbizi, mkimbiaji na lawama dhidi ya -ji

"Siku hizi kila kitenzi kinabandikwa -ji. Mjengaji, mwandikaji, mlindaji! Mjenzi, mwandishi na mlinzi wamekosa nini?" Ndivyo anavyolalamika mwalimu mmoja mstaafu hapa Moshi, na wapo wengi wanaomuunga mkono.

Kwa maneno hayo matatu, mwalimu yuko sawa. Majina hayo yamekwishazoeleka, na yana ufundi wake. Kiambishi -i kinapokaa mwishoni mwa kitenzi huibadili konsonanti iliyo jirani: linda hutoa mlinzi, andika mwandishi, fuata mfuasi, gomba mgomvi. Kitenzi kinachoishia na irabu mbili huchomoza z, kama katika nunua na mnunuzi, au chukua na mchukuzi. Z hiyo haikutoka hewani. Zamani palikuwa na l ambayo imedondoka, na bado tunaisikia tukisema nunulia na chukulia. Anayependa lugha ataona uchungu kuyatupa maneno ya namna hiyo.

Lakini kutoka hapo kuiita -ji uvivu ni kuionea. Kwanza, njia ya -i haijawahi kufika kila mahali. Fuga hutoa mfugaji, chimba hutoa mchimbaji, cheza hutoa mchezaji, na hakuna mzee wa Kilema wala wa Meru aliyewahi kuwaita vinginevyo. Ukilazimisha kanuni ya mwalimu, chimba itazaa "mchimvi" na ua itazaa "muuzi", ambalo msikilizaji atadhani linatokana na kuuza. Kufuga na kuchimba si kazi mpya zilizoletwa na mji.

Pili, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo, -i na -ji mara nyingi hazigombei kiti kimoja. Chukua kitenzi kimoja tu, kimbia. Kwa -i tunapata mkimbizi, kwa -ji tunapata mkimbiaji. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974 kule Christchurch kwa muda wa dakika 3 na sekunde 32.2. Huyo ni mkimbiaji. Maelfu wanaoshuka Moshi kila mwaka kwa mbio za Kilimanjaro Marathon ni wakimbiaji. Mkimbizi ni mtu aliyehama kwao kwa vita au dhuluma. Anaweza kukaa kambini miaka 10 asipige mbio hata siku moja, na bado ni mkimbizi. Neno la -i limeganda kwenye hali ya mtu, la -ji limebaki na kitendo chenyewe, anachokifanya tena na tena. Tungekuwa na -i peke yake, tungemwita Bayi nani?

Wapo wataalamu wa lugha za Kibantu wanaoihusisha -aji na kiungo cha kale -ag- kilichoonyesha mazoea, kisha -i ikafuata. Kama ndivyo, basi -ji ni ndugu wa ile -ga tunayoisikia kila siku stendi, mtu akisema "huwa naendaga Himo". Ina umri mkubwa kuliko lawama tunazoitupia.

Itazame pia timu inayopanda mlima kutoka lango la Marangu. Yumo mpishi na wamo wapagazi, wote kwa -i. Mpagazi limetokana na pagaa, yaani kubeba begani, lakini leo mtu akisema "amepagawa" tunafikiria pepo, na mzigo tunasema unabebwa. Jina limebaki imara, kitenzi chake kimeondoka. Anayewatangulia wageni njiani je? Ongoza ilikwishatoa kiongozi, na neno hilo limechukuliwa na vyama, serikali na makanisa. Ukiandika kwenye tangazo la kazi kwamba kampuni inatafuta kiongozi, utapokea barua za watu wanaotaka umeneja. Ndiyo maana tukapata mwongozaji, au kwa njia ya tatu, mwongoza watalii, ambapo kitenzi hubaki na -a yake kwa sababu mtendwa amekifuata palepale, kama katika mpiga picha na mwendesha bodaboda.

Kasoro ya -ji huonekana pale inapovamia jina lililokwishakaa bila kuleta maana mpya. Mkataba wa nyumba ukisema "mjengaji atalipwa kwa awamu", msomaji atasita: huyu ni fundi mwenyewe, au yeyote atakayeshika tofali siku hiyo? Hapo mjenzi ndiye anayetakiwa, na ningemkata kalamu mwanafunzi bila kusita. Mpaka wenyewe hauko kwenye kanuni moja, maana msemaji wa serikali ana cheo kamili kwa -ji, na mnunuzi wa soko la Kiboroloni ni mnunuzi hata kama ni mara yake ya kwanza kununua. Kwa hiyo kabla ya kusahihisha neno la mtu, angalia kwanza kama la -i lipo, kisha kama linataja mtu yuleyule. Mjengaji halivuki swali la pili. Mkimbiaji na mwongozaji yanavuka.