Aya Mliyoifuta Ndiyo Iliyobeba Ukweli

Jumatatu nimeletewa toleo la mwisho la mapitio yetu ya haraka ya tafiti za kuzuia malaria. Limepangwa vizuri, nembo juu, rangi zinapendeza. Nikasoma ukurasa wa kwanza, nikarudia. Aya iliyotaja njia za mkato tulizopita haimo. Nikapiga simu kitengo cha wizara kilichotuagiza kazi, nikajibiwa kwamba aya ile "inampunguzia mkubwa imani". Nilikuwa nimekaa barazani hapa Bagamoyo na chai ikapoa mkononi. Nimeumia, na nitaeleza kwa nini.

Swali lao lilikuwa zuri: kumwaga viuaviluwiluwi kwenye mazalia ya mbu kunapunguza malaria kwa watu, au kunapunguza mbu tu? Tulikuwa watu wawili, tukapewa wiki tatu. Mapitio kamili ya kimfumo, yale yanayosaka na kupima kila utafiti wa swali husika bila kuruka hatua, hula mwaka na zaidi, kwa hiyo kupunguza hatua hakukuepukika. Sina ugomvi na hilo. Mapitio ya haraka ni kazi halali na ina taratibu zake.

Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopitia ushahidi wa afya, walishachapisha mapitio ya swali hili mwaka 2019, kwa hiyo hatukuanza upya. Tulichukua tafiti nne walizozipata, kisha tukatafuta mpya. Hapa wengi hukosea kwa kuanza kutafuta kuanzia tarehe ya kuchapishwa. Utafutaji wa mapitio yoyote hukoma kabla ya hapo, na ukianzia kwenye uchapishaji unaacha pengo lisiloonekana na mtu. Tulianzia pale utafutaji wao ulipokoma. Kanzidata zilikuwa mbili, lugha moja.

Jasho lilikuwa kwenye kuchuja. Tulipata ikisiri 410, yaani mihtasari mifupi inayotangulia makala za tafiti. Katika mapitio kamili kila ikisiri husomwa na watu wawili, kila mmoja kivyake. Sisi tulisoma pamoja asilimia 20 tu, yaani 82, na tukatofautiana kwenye tisa. Tulipokaa kuzipitia chanzo kikajitokeza: mimi nilikuwa natupa kila utafiti ambao ikisiri yake ilihesabu mbu peke yake, mwenzangu alikuwa anaubakiza kwa kuwa huenda ndani wamehesabu na wagonjwa. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Tukaandika kanuni: utafiti wa namna hiyo hautupwi mpaka makala nzima ifunguliwe. Zile 328 zilizobaki nikazichuja peke yangu, kisha yeye akasoma zote nilizozitupa.

Alinirudishia tatu. Mbili zilianguka tulipofungua makala kamili. Ya tatu ilibaki: ikisiri inazungumzia viluwiluwi mwanzo mwisho, lakini jedwali la ndani linahesabu watoto waliokutwa na vimelea vya malaria. Ningekuwa peke yangu utafiti ule ungepotea nami nisingejua. Jaribio lililochapishwa mwaka 2020 lilionyesha kuwa mchujaji mmoja wa ikisiri hukosa asilimia 13 ya tafiti zinazofaa, wawili hukosa asilimia 3. Ndiyo maana msomaji ana haki ya kujua nani alichuja nini.

Lakini kilichoniuma zaidi ni sentensi nyingine iliyokuwamo kwenye aya ile. Hatukutafuta ripoti ambazo hazikuchapishwa. Tafiti zisizoona faida ndizo huishia kabatini, kwa hiyo mkato huu unaweza kulivuta jibu letu upande mmoja, upande wa kuonekana kwamba dawa inafanya kazi. Kutaja mkato bila kusema unavuta wapi hakumsaidii anayepanga bajeti. Dar es Salaam, ambako mazalia yalitafutwa na kuhesabika, malaria ilipungua. Gambia, kwenye nyanda zinazofurika za mto, kazi kama hiyo haikuleta faida. Anayeamua kuhusu mabonde ya mpunga ya Ruvu asome "inapunguza malaria" halafu basi? Hapana!

Nakubali aya yetu ilikuwa ndefu na hakuna mkurugenzi mwenye muda wa kuisoma yote. Haya, nimeifupisha:

"Mapitio haya yalifanywa na watu wawili kwa wiki tatu. Tulitegemea mapitio ya 2019 na kuyaendeleza. Ikisiri nyingi zilichujwa na mtu mmoja, na zote alizozitupa zikasomwa na wa pili. Hatukutafuta ripoti zisizochapishwa wala za lugha nyingine zaidi ya Kiingereza, hivyo faida inaweza kuonekana kubwa kuliko ilivyo. Matokeo ya mazalia machache ya mjini yasichukuliwe kuwa ya mabonde yanayofurika."

Sentensi tano. Nimezituma jana jioni ziwekwe ukurasa wa kwanza, chini ya jibu lenyewe, si kwenye kiambatisho. Nimeomba pia neno "kimfumo" litoke kwenye jalada, maana hatukufanya mapitio ya kimfumo. Wakikataa, mimi na mwenzangu tumekubaliana majina yetu yatolewe.