Methali za Ujana na Uzee: Nani Anazisema, na Anamwambia Nani?

Inasemwa mara nyingi kwamba methali za Kiswahili ni ushahidi wa heshima kubwa ambayo wazee walipewa na jamii iliyozitunga, na kwamba ndani ya methali hizo kijana ana kazi moja tu, nayo ni kusikiliza. Dai hili lina hoja nzito nyuma yake na si haki kulipuuza. Naona, hata hivyo, kwamba linasimama juu ya namna fulani ya kuzisoma methali: kuziorodhesha, kuhesabu ni ngapi zinamsifu mzee na ngapi zinamwonya kijana, kisha kutoa hukumu kuhusu jamii nzima. Methali haikuzaliwa kwenye orodha. Ni kauli ambayo mtu fulani humwambia mtu mwingine, katika jambo ambalo kila mmoja wao ana maslahi nalo.

Upande wa kwanza una ushahidi wa kutosha. “Penye wazee haliharibiki neno.” “Kuishi kwingi kuona mengi.” “Jungu kuu halikosi ukoko,” yaani hata chungu kilichopakuliwa na kuonekana kitupu bado kina kitu kilichoshika chini. Iko pia ile isiyotajwa sana, “Usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima,” inayomtetea mzee kwa mfano wa jembe lililolika. Ukiziweka kando ya methali zinazomhusu mtoto na kijana, tofauti inajitokeza mara moja. “Samaki mkunje angali mbichi.” “Udongo uwahi ungali maji.” Katika kundi la kwanza mzee ana kitu: ukoko, makali yaliyobaki, mambo aliyoyaona. Katika kundi la pili kijana mwenyewe ndiye kitu. Ni samaki anayekunjwa, ni udongo unaofinyangwa, na mikono inayokunja na kufinyanga ni ya mtu mwingine. Thamani yake ni kubwa, kwa maana hakuna anayehangaika kuuwahi udongo usio na faida, lakini ni thamani ya kile atakachokuwa baadaye.

Anayetetea usomaji huu anaweza kwenda mbele zaidi na kueleza kwa nini uzito uliwekwa upande wa wazee. Pale ambapo makubaliano mengi yalikaa katika kumbukumbu kuliko katika maandishi, mzee alikuwa ndiye rekodi yenyewe. Alijua mpaka wa shamba ulipopita kabla mti wa alama haujaanguka. Alijua nani alimkopesha nani, ndoa ipi ilifungwa kwa masharti gani, na mara ya mwisho mvua ilipokatika watu walikula nini. Maarifa ya namna hii hayapatikani kwa wepesi wa akili, kwa sababu yanahusu mambo yanayojirudia baada ya miaka mingi, na aliyeishi miaka ishirini huenda hajayaona hata mara moja. Kwa hiyo, methali inaposema kwamba neno haliharibiki penye wazee, haimaanishi lazima kwamba wazee wana akili kuliko wengine. Inasema kwamba mgogoro huwa rahisi kumalizika anapokuwapo mtu anayekumbuka ulivyoanza. Hilo lilikuwa kweli kwa sababu inayoeleweka, na katika baadhi ya mambo ni kweli hadi leo.

Hapa ndipo upande wa pili unapoanza, kwa sababu methali haisemi mipaka yake. Tuichukue “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Inatamkwa kama habari ya jambo linalotokea siku zote, lakini kwa kawaida hutamkwa na mkuu mwenyewe, naye huitamka pale ambapo neno lake limeshaanza kukataliwa. Hakuna haja ya kumtisha kwa kuvunjika guu kijana ambaye tayari anatii. Wingi wa methali za aina hii unaweza kusomwa kama ushahidi wa utiifu, na unaweza vilevile kusomwa kama ushahidi kwamba utiifu ulikuwa unabishaniwa kila siku. Mimi naelekea kwenye usomaji wa pili, ingawa nakiri kwamba methali zenyewe haziwezi kuthibitisha wala kukanusha.

Chukua mfano. Baba amefariki na kuacha nyumba yenye wapangaji, na baba mdogo ndiye aliyekuwa akikusanya kodi tangu msiba. Mwaka umepita. Binti mkubwa wa marehemu anakuja kwenye kikao cha familia na daftari, na kwa adabu zote anaomba kujua ni kiasi gani kilichopokelewa, kiasi gani kilichotumika kwenye matengenezo na kiasi gani kilichobaki. Baba mdogo hataji hesabu. Anamtazama na kusema, “Mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Kila aliyekuwapo ameelewa kwamba swali limefungwa, na limefungwa bila kujibiwa. Lau binti angekuwa ametaka kuiuza nyumba kwa mnunuzi ambaye baba mdogo anamfahamu kuwa tapeli, methali ileile ingekuwa onyo la haki, kwa maana mkuu angekuwa na ujuzi ambao binti hana. Maneno hayajabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kama nyuma ya maneno kuna ujuzi, au kuna cheo tu. Njia ya kutambua ni kumwomba msemaji aeleze hatari anayoiona. Mwenye ujuzi ataitaja, na asiye nao ataikariri methali kwa sauti kubwa zaidi.

Lakini kikao hakiishii hapo, na jambo hili ndilo linalosahaulika na wanaohesabu methali. Shangazi aliyekaa kimya pembeni anaweza kumgeukia kaka yake na kumwambia, “Ukubwa ni jaa.” Jaa ni mahali pa kutupa taka, na maana ya methali ni kwamba aliyekubali ukubwa amekubali kutupiwa malalamiko, maswali na hata matusi ya wadogo, na hana ruhusa ya kuyarudisha kwa hasira. Kwa kauli moja fupi mkuu amekumbushwa kwamba heshima anayodai ina gharama, na gharama hiyo ni uvumilivu na uwajibikaji. Wala binti hakuvunja adabu, kwa kuwa methali imetoka kwa mtu wa rika la baba mdogo. Kwangu mimi, “Ukubwa ni jaa” inafichua mengi kuhusu nafasi ya wazee kuliko methali zote za sifa, kwa sababu inaonyesha kwamba jamii haikuwapa wazee mamlaka ya bure. Iliwapa mamlaka pamoja na mzigo, ikaweka kinywani mwa wengine maneno ya kuwakumbushia mzigo huo.

Je, kuna methali inayosifu ujana kwa ajili ya ujana wenyewe? Inayokuja haraka ni “Ujana ni moshi, ukienda haurudi.” Ni methali ya ajabu kidogo, kwa sababu anayeielewa vizuri ni yule ambaye ujana wake umeshaondoka. Ina jamaa wake katika mafundisho ya Kiislamu ambayo wasemaji wengi wa Kiswahili wameyasikia tangu utotoni, kwamba mtu avitumie vitano kabla ya vitano, na cha kwanza ni ujana kabla ya uzee. Katika kauli zote mbili ujana unahesabiwa kuwa mali. Hivyo, yule mzee aliyekuwa akijisifia ukoko wa jungu kuu anakiri, katika methali nyingine, kwamba kuna kitu alichonacho kijana ambacho yeye hawezi kukipata tena kwa hekima yoyote.

Tena kuna jambo ambalo methali zetu zinazotajwa sana hazilisemi. Zinazungumza kwa wingi juu ya akili ya mzee na ni nadra kuzungumza juu ya mwili wake: magoti yanayouma, macho yaliyofifia, haja ya kusaidiwa kuoga na kulishwa. Hata kiselema anasifiwa kwa kuwa bado analima. Mzee asiyeweza tena kulima, na ambaye kumbukumbu zake zimepotea, anatetewa na methali ipi? Si lazima kwamba jamii haikumjali, kwa kuwa huenda utunzaji wake ulikuwa wajibu ulio wazi kiasi cha kutohitaji methali. Bado ukimya huo unanisumbua, kwa sababu sifa inayojengwa juu ya manufaa ya mtu huondoka pamoja na manufaa hayo.

Ulinganisho na lugha nyingine husaidia kuona kwamba hali hii si ya lazima. Wayoruba, ambao kwao heshima kwa wakubwa ni jambo zito, wana methali isemayo kwamba mkono wa mtoto haufiki kwenye rafu, na mkono wa mtu mzima hauingii katika shingo ya kibuyu. Hapa hakuna anayefinyangwa. Kila mmoja ana mkono wenye kazi yake, na kila mmoja ana mahali anaposhindwa. Wafaransa wana kauli iliyoandikwa na Henri Estienne mwaka 1594, kwamba laiti ujana ungejua na laiti uzee ungeweza, nayo inagawa upungufu nusu kwa nusu. Wajapani wanamwambia mzee moja kwa moja kwamba akizeeka awafuate wanawe, na wanayo nyingine kuhusu mtu anayevuka mto akionyeshwa penye kina kifupi na mtoto aliyembeba mgongoni. Atakayechukua methali hizo mbili za mwisho na kuhitimisha kwamba Japani haithamini wazee atakuwa amekosea sana, na kosa lake ni lilelile la anayechukua “Asiyesikia la mkuu” na kuhitimisha kwamba Waswahili hawakuwathamini vijana.

Kauli za siku hizi zinaendeleza ubishi huohuo kwa nguo mpya. “Vijana ni taifa la kesho” inasikika kama sifa, ila ndani yake yumo samaki mbichi wa zamani, kwa kuwa thamani ya kijana imeahirishwa tena, na ndiyo maana vijana wengi wameigeuza wakasema wao ni taifa la leo. Upande wa wakubwa nao una familia ya kambale, ambamo baba ana ndevu, mama ana ndevu na mtoto ana ndevu, msemo wa kuilaumu nyumba isiyojulikana nani mkubwa. Hofu iliyomo humo si ya kupuuzwa, maana nyumba ambayo kila mtu anatoa amri na hakuna anayebeba lawama huishia kuwaumiza walio wadogo kuliko wote. Anayesema hivyo, hata hivyo, anaweza kujibiwa kwa methali ya zamani kama zake, ambayo haikuuliza umri wa mtu: “Akili ni nywele, kila mtu ana zake.”