Mafuta Hayajatoka, Tumeshayala

Jumamosi nilikuwa kwa kinyozi hapa Hoima, Uganda, redio juu, mgeni mmoja akitupangia pesa za mafuta ya visima vyetu. Barabara, mishahara ya walimu, madeni yote kwisha. Kinyozi akaitikia, "Basi mzee, tumepona!" Nikanyamaza kwa sababu wembe ulikuwa shingoni.

Mimi mtoto wa kahawa. Mwaka 1994 baridi kali ilichoma kahawa ya Brazili, bei ikapaa duniani kote, na baba akauza kiboko, kahawa iliyokaushwa na maganda yake, kwa bei ambayo hakuwahi kuiona. Akaezeka mabati, akachukua pikipiki kwa mkopo. Serikali nayo ikaweka kodi maalumu ya kutuliza bei: ikipanda sana, sehemu ya ziada inakwenda Hazina. Wakulima na wanunuzi wakalalamika, na kufikia 1996 kodi ikafutwa. Baba alishangilia. Bei ilipoanguka, pikipiki ilirudi kwa mwenyewe.

Sasa mafuta, ambayo bei yake nayo inayumba. Tuseme pipa linauzwa dola 75. Nauli ya bomba mpaka Tanga ni karibu dola 13, zinabaki 62. Bei ishuke mpaka 45: nauli haishuki nayo, zinabaki 32. Bei imepungua kwa asilimia 40, lakini kilichobaki kimepungua karibu nusu. Tena hapo kampuni zinaanza kujirudishia gharama zao kabla ya kugawana nasi faida, na gharama hizo hazijali bei ya soko la London. Kwa hiyo fungu la serikali linaanguka kwa kishindo kuliko bei yenyewe. Walimu walioajiriwa kwa hesabu ya dola 75 bado wanadai mshahara mwisho wa mwezi.

Ndiyo maana sheria ya fedha za umma ya 2015 ilianzisha Mfuko wa Petroli. Pesa zote za mafuta zinaingia humo kwanza, kisha Bunge linaidhinisha kiasi cha kupeleka kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina, na kinachobaki kinawekezwa. Waraka wa nidhamu ya fedha wa 2021/22 hadi 2025/26 ukaweka dari ya kinachopelekwa kila mwaka: kisichozidi asilimia 0.8 ya pato la taifa la mwaka uliotangulia, bila kuhesabu mafuta. Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba aliyebuni hilo ana akili. Dari haifuati bei ya pipa. Mafuta yakifika dola 120, bajeti inapata kile kile, na ziada inalala mfukoni ikingoja mwaka mbaya.

Ila angalia dari imewekwa wapi! Si ndani ya sheria. Imo kwenye waraka wa miaka mitano, ambao kila serikali inayoingia baada ya uchaguzi inaandika wa kwake. Ni sawa na kufunga ghala kwa uzi.

Ghana walikuwa na kamba nene kuliko hiyo. Sheria yao ya 2011 inakadiria mapato kwa wastani wa bei ya miaka 7, na ziada inaingia kwenye mfuko wa kutuliza bajeti na ule wa vizazi vijavyo. Lakini sheria hiyo hiyo ilimruhusu waziri kuweka kikomo cha ule wa kutuliza. Mwaka 2014, pipa likiwa juu ya dola 100, kikomo kikawekwa dola milioni 250, na kilichozidi kikaenda kwa sehemu kubwa kulipa madeni. Kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa chini ya 60. Mwaka uliofuata wakaingia kwenye mkopo wa IMF. Sisemi mfuko mnono ungewaokoa, maana walikuwa na matatizo mengine tele, lakini pipa la maji lilitobolewa muda mfupi kabla ya kiangazi.

Nchini Chile, bei ya shaba ya kutumia kwenye bajeti inakadiriwa na jopo la wataalamu walio nje ya serikali. Mwaka 2009, dunia ilipoyumba, walichota zaidi ya dola bilioni 9 kwenye akiba.

Kuna wanaouliza: kwa nini tuweke akiba ya faida ndogo ughaibuni huku tukikopa hapa kwa asilimia 15 na zaidi? Swali zuri, linaniuma. Lipa deni la ghali, sawa, lakini deni lililolipwa halichoteki mwaka bei ikianguka.

Na sisi tulianza kuchota mapema. Mfuko ulipokuwa na hasa kodi za mauzo ya hisa za visima, hata pipa moja halijauzwa, mwaka 2018/19 zilitolewa shilingi bilioni 200. Sheria inataka pesa hizo ziende kwenye miundombinu na maendeleo. Zikishaingia Mfuko Mkuu zinachanganyika na nyingine zote, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alishalalamika kwamba huwezi kuonyesha zilifanya nini.

Kwa hiyo mgeni wa redio akirudi Jumamosi, naomba mtangazaji amuulize swali moja tu: dari itahamia lini kutoka kwenye waraka kuingia kwenye sheria, na itahitaji kura ngapi kuisogeza? Kuhusu mabati, baba yangu bado anayo. Yanavuja upande wa jikoni.