Tipsta ana asilimia 78, sawa, ila kwa odi ngapi?

"Wakuu kuna tipsta anasema mechi zake zinatiki asilimia 78, VIP yake elfu kumi kwa wiki, nilipe?"

Hiyo 78 peke yake haikwambii kitu mpaka ujue odi. Wengi wa hivi wanabeba timu kubwa zikiwa nyumbani, odi 1.20 hivi. Sasa weka 1,000 kwenye mechi 100, umetoa 100,000, zikitiki 78 unarudishiwa 93,600. Yaani jamaa anapatia karibu nne kila tano na bado umepigwa 6,400, kwa odi hiyo inabidi zitiki zaidi ya 83 ndo uanze kuona faida. Mwenzake anayetiki 40 tu kwa odi 2.80 anakurudishia 112,000, na huyo ndo watu wanamwita galasa.

Haya tuseme anacheza odi 2.00 na ametiki 24 kati ya 40. Inavutia eh? Chukua watu 100 kila mmoja arushe sarafu mara 40, kama 13 hivi watapata 24 au zaidi bila kujua lolote la mpira, na tipsta wa Telegram ni wengi kuliko hao, we unamuona aliyebahatika tu, waliochanika walishafunga chaneli. Ila tusimuonee, 40 haithibitishi kuwa ni tapeli pia, ni chache tu basi. Akileta 240 kati ya 400 kwa odi hiyohiyo mi mwenyewe nakaa kumsikiliza.

Kujua kama anaficha mikeka iliyochanika, skrinishoti achana nazo, nenda kwenye chaneli ukopi linki za posti zake. Mwishoni kuna namba, mfano `/412`, inayofuata ikiwa `/419` basi hapo katikati kuna vitu vimefutwa. Usikurupuke lakini, albamu ya picha inakula namba kadhaa na kuna wanaofuta matangazo ya zamani. Cha kuangalia ni kama mapengo yanakuja baada ya wikiendi mbaya.

Kingine, odi aliyoandika siyo lazima uipate. Amepost 2.10, we unafika imeshuka 1.85. Kwa anayetiki 52 kati ya 100, kwa 2.10 kila 100,000 inarudi 109,200, kwa 1.85 inarudi 96,200. Hapa wengi wanasema katudanganya, mi naona kama odi zinashuka kila mara baada ya posti zake huenda kweli anajua kitu, shida faida anaila yeye aliyewahi.

Na hata ukiwahi hiyo 2.10, mechi 10 kwa wiki za 1,000 zinakupa wastani wa faida ya 920. Ada elfu kumi. Labda uwe unaweka 11,000 kila mechi ndo uirudishe ada yenyewe, kwa hiyo kwa dau dogo usilipe, hata kama jamaa ni mkweli.